Sura ya Tano: Sheria Ipi Itagawa Shamba la Miti?

Katika Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012, akiba ya familia nyingi haiwekwi benki bali hupandwa ardhini, kwa kuwa mkulima wa Wanging'ombe au Ludewa anayepata fedha za viazi au mahindi hununua miche ya misindano au milingoti, huipanda kwenye miteremko aliyopewa na baba yake au aliyoinunua, kisha husubiri miaka kumi au zaidi kabla ya kuita wapasua mbao. Katika miaka hiyo ya kusubiri, mwenye shamba anaweza kufa. Miti huendelea kukua ilhali mwenyewe hayupo, thamani yake huongezeka kila msimu, na wanaobaki hukabiliana na swali ambalo mara nyingi hawalitaji kwa jina lake: mali hii igawanywe kwa sheria ipi?

Swali hilo ndilo kiini cha sura hii. Migogoro mingi ya mirathi, iwe katika vijiji vya Njombe au katika mji wa Makambako, huonekana kwa nje kuwa ugomvi juu ya nani apate nini, hali ukweli ni kwamba matokeo huwa yameshaamuliwa hatua mbili nyuma, pale ilipoteuliwa sheria itakayotumika na mahakama itakayosikiliza shauri. Tanzania Bara haina sheria moja ya urithi. Zipo tatu zinazokwenda sambamba: sheria ya kimila, ambayo kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba iliandikwa na kutangazwa mwaka 1963 kwa Tangazo la Serikali Na. 436, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na utawala wa Waingereza na kubaki hadi leo, ingawa India yenyewe iliibadilisha mwaka 1925. Juu ya zote tatu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, ambayo haisemi nani arithi bali hueleza jinsi msimamizi anavyoteuliwa na wajibu anaobeba.

Uzito wa uteuzi wa sheria huonekana vizuri zaidi kwa mfano, na mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo tu. Mwanamume wa Kibena amefariki bila kuacha wosia. Aliishi Makambako, alikofanya biashara ya mazao karibu na njia panda ambapo barabara ya Songea huachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na ameacha mke mmoja, wana wawili na mabinti wawili. Wazazi wake walikwisha kufariki. Mali yake yote, yaani nyumba ya mjini na ekari kadhaa za misindano kijijini kwao, baada ya kulipa madeni na gharama za mazishi, ina thamani ya shilingi milioni 48.

Kwa Sheria ya India ya 1865, mjane aliyeachwa na watoto hupata theluthi moja, na theluthi mbili zinazobaki hugawanywa kwa watoto sawasawa bila kujali jinsia. Kwa hiyo mjane wa mfano huu atapata milioni 16 na kila mtoto milioni 8. Kwa sheria ya Kiislamu, kama marehemu angekuwa Mwislamu, mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani moja ya nane, na kinachosalia huenda kwa watoto kwa kanuni kwamba fungu la mwana ni sawa na mafungu mawili ya binti. Mjane angepata milioni 6, kila mwana milioni 14 na kila binti milioni 7. Kwa kanuni za kimila za mwaka 1963 hesabu hubadilika kabisa: warithi hupangwa katika madaraja matatu, mwana wa kwanza wa nyumba kubwa akiwa daraja la kwanza na kupata fungu kubwa kuliko mrithi mwingine yeyote, wana wengine wakiwa daraja la pili, na mabinti wakiwa daraja la tatu lenye mafungu madogo zaidi, ilhali mjane, ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, hana fungu lolote, kwa kuwa kanuni inahesabu kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Kati ya milioni 16 na sifuri kuna umbali ambao hakuna kikao cha upatanishi kinachoweza kuuziba, na ndiyo maana inashangaza kwamba katika vikao vingi vya ukoo, vinavyofanyika siku chache baada ya mazishi wakati wafiwa bado wamekaa msibani, suala la sheria ipi itumike halijadiliwi hata kidogo. Wanaukoo huteua msimamizi, mara nyingi kaka wa marehemu au mwana mkubwa, huandika muhtasari wenye majina na sahihi za waliohudhuria, na kuupeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Kwa hatua hiyo moja, bila mtu kukusudia, upande mmoja wa hesabu unaweza kuwa umeshachaguliwa.

Sababu ni hii. Kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka juu ya mirathi pale tu ambapo sheria inayohusika ni ya kimila au ya Kiislamu. Haina mamlaka ya kugawa mali kwa Sheria ya India. Familia ya Kilutheri au ya Kikatoliki inayofungua shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo kwa sababu ipo karibu na gharama zake ni ndogo, huwa inaieleza mahakama, kwa kitendo hicho, kwamba marehemu aliishi kimila. Iwapo baadaye mjane au binti atathibitisha kwamba marehemu hakuishi hivyo, mwenendo wote unaweza kufutwa, na Mahakama Kuu imefuta mienendo ya namna hiyo mara kadhaa, hata pale ambapo miaka imepita na mali imeshagawanywa. Familia inalazimika kuanza upya katika mahakama ya juu zaidi, wakati mwingine baada ya nyumba kuuzwa na miti kukatwa.

Je, mahakama huamuaje kama marehemu aliishi kimila? Sheria ya Mamlaka na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inaanzia kwenye dhana kwamba urithi wa mtu wa jamii yenye mila utaongozwa na mila hiyo, lakini dhana hiyo huondoka iwapo mahakama itaridhika, kutokana na maneno ya marehemu aliyoyasema au kuyaandika, matendo yake, au namna alivyoishi, kwamba alikusudia mirathi yake iongozwe na sheria nyingine. Vipo basi vipimo viwili, ambavyo mawakili huviita kipimo cha maisha na kipimo cha nia. Shauri linalotajwa zaidi kuhusu jambo hili ni la mirathi ya marehemu Innocent Mbilinyi, lililoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 1969. Marehemu alikuwa Mngoni, yaani mtu wa jamii inayopakana na Wabena kwa upande wa kusini. Alikuwa ameishi mbali na kwao, alimwoa mwanamke wa Kichaga, na kwa kiasi kikubwa alikuwa amejitenga na maisha ya ukoo wake. Mahakama ilikubali kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kusemwa kuwa aliishi kwa mila za Kingoni, hivyo mali yake ikagawanywa kwa Sheria ya India.

Funzo linalotolewa kwenye uamuzi huo mara nyingi hurahisishwa kupita kiasi, kana kwamba ubatizo unatosha kuiondoa mila. Hautoshi. Njombe ni eneo lenye Ukristo uliokita mizizi, makao makuu ya Dayosisi ya Kusini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri na ya Jimbo Katoliki la Njombe, na bado mtu anaweza kuwa mzee wa kanisa kwa miaka thelathini huku akitoa na kupokea mahari kwa taratibu za ukoo, akigawa mashamba kwa wanawe kwa kuwaonyesha mipaka mbele ya ndugu, na kuamua mambo yote ya mali katika vikao vya ukoo. Kwa mtu huyo kipimo cha maisha kinaweza kuelekea upande wa mila licha ya kanisa. Kinyume chake, mfanyabiashara wa mfano wetu, aliyefunga ndoa moja kanisani, akaishi mjini, akasajili nyumba kwa hati, akaweka fedha benki na kuwasomesha mabinti sawa na wana, amejenga kwa maisha yake ushahidi unaoelekea upande wa pili. Mahakama hupima vitu hivi vyote pamoja, na ndiyo maana mjane anayetaka kudai kwamba mila isitumike anapaswa kukusanya ushahidi wa mambo madogo ya maisha ya kila siku: cheti cha ndoa, hati, taarifa za benki, barua, na mashahidi wanaojua jinsi marehemu alivyoamua mambo yake. Kwa Mwislamu kipimo ni hichohicho, isipokuwa nia yake ya kufuata sheria ya Kiislamu huonekana pia katika maneno na matendo yake ya ibada na ya ndoa.

Kabla hata ya kufika kwenye mafungu, lipo swali lingine ambalo wengi hulipita: ni mali ipi hasa iliyoachwa na marehemu? Mirathi ni mali ya aliyefariki peke yake, si mali yote iliyomo nyumbani. Nyumba iliyosajiliwa kwa majina ya mume na mke, au ardhi ambayo mke ameshiriki kuipata na kuiendeleza, ina sehemu iliyokuwa ya mke tangu mumewe akiwa hai, na sehemu hiyo haingii kwenye mirathi kwa sheria yoyote kati ya hizo tatu. Uamuzi maarufu wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ulikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka na si kifo, na kifungu cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachohusu kugawana mali kimeandikwa kwa ajili ya talaka na kutengana, kwa hiyo mjane hawezi kukitumia moja kwa moja. Lakini hoja yenyewe, kwamba aliyechangia ni mmiliki na si mgeni, ndiyo msingi ambao mjane husimamia anapodai kwanza kilicho chake kabla ya kudai urithi. Katika mfano wetu, mjane aliyepanda misindano ile pamoja na mumewe, aliyepalilia na kulipa vibarua wa kufyeka njia za moto kila kiangazi, anaweza kudai kwamba nusu ya shamba, au sehemu nyingine atakayoithibitisha, haikuwa ya marehemu kabisa. Mjane anayesubiri kutajwa kwenye orodha ya warithi bila kulisema hilo hupoteza zaidi kuliko yule anayenyimwa fungu lake la urithi.

Suala la wajane lina uzito wa pekee Njombe. Utafiti wa kitaifa wa Virusi vya Ukimwi wa 2016–2017 ulikuta kwamba kiwango cha maambukizi kwa watu wazima mkoani humo kilikuwa asilimia 11.4, kikubwa kuliko mkoa mwingine wowote, na maradhi hayo kwa miongo kadhaa yaliondoa wazazi wenye umri wa kufanya kazi na kuacha wake vijana wenye watoto wadogo na mashamba ambayo bado hayajakomaa. Mjane wa miaka thelathini mwenye watoto wachanga hawezi kutunzwa na watoto wake kama kanuni ya 1963 inavyodhani. Ni yeye atakayewatunza kwa miaka kumi na mitano ijayo, na hapa ndipo kanuni inapopoteza msingi wake hata kwa mantiki ya mila yenyewe. Upo pia usumbufu wa kurithiwa na ndugu wa mume. Hata kanuni za 1963 zilitaka mjane aulizwe kwanza kama anakubali kuwa mke wa mmoja wa ndugu wa marehemu, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa uhuru kamili wa kuishi anakotaka na kuolewa na amtakaye au kubaki bila kuolewa. Hakuna mahakama inayoweza kumnyima mali kwa sababu amekataa kurithiwa.

Mahakama zimeshaulizwa kama kanuni zinazowabagua wanawake zinaweza kuendelea kuwepo chini ya Katiba, ambayo tangu marekebisho ya 1984 ina sehemu ya haki za binadamu na Ibara ya 13 inayokataza ubaguzi. Mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume, akiikataa kanuni iliyompa mwanamke haki ya kuitumia tu. Uamuzi huo ulipokelewa kwa shangwe, na ilionekana kwamba kanuni nyingine zingeanguka moja baada ya nyingine. Haikuwa hivyo. Wajane wawili wa Kisukuma walipoiomba Mahakama Kuu ibatilishe kanuni zinazowanyima urithi, mahakama mwaka 2006 ilikiri kwamba zinabagua lakini ikakataa kuzifuta, kwa hofu kwamba kufuta mila kwa uamuzi wa mahakama kungefungua mlango wa kila mila kupingwa, na rufaa yao iliishia mwaka 2010 kwa sababu ya kasoro za utaratibu. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake ilikuta kwamba Tanzania ilikiuka haki zao na kuitaka irekebishe sheria. Hofu ile ya mahakama inaeleweka, lakini gharama yake imebebwa na wajane, si na mahakama. Na ni vigumu kuitetea pale mahakama inapokiri ubaguzi kwa maneno na kuuacha uendelee kwa vitendo.

Kwa ardhi ya vijijini, hata hivyo, Bunge lilikwenda mbali kuliko mahakama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawa na mwanamume, na kwamba kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu umiliki au matumizi halali ya ardhi ni batili. Kwa hiyo binti wa Kibena anayeambiwa kwamba shamba la misindano ni la ukoo na wanawake hawarithi ardhi ya ukoo, ana jibu la kisheria lililoandikwa wazi, na halmashauri ya kijiji inayotoa hati ya hakimiliki ya kimila inawajibika kulifuata.

Njia ya kuepuka sehemu kubwa ya haya ni wosia, na wosia ndio unaoharibika kwa urahisi zaidi. Kanuni za kimila zinakubali wosia wa mdomo, ambao lazima utolewe mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, yaani wasio na undugu naye. Wosia wa maandishi huandikwa kwa wino, si kwa penseli, hutajwa tarehe, huonyesha kwamba mwenye wosia ana akili timamu na anautoa kwa hiari, hutiwa sahihi au alama ya dole gumba, na kushuhudiwa na watu wanaojua kusoma na kuandika: wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, wanne, wawili na wawili, kama hajui. Wosia wa maandishi haufutwi kwa maneno ya mdomo. Sheria ya India inadai kidogo zaidi kwa upande mmoja na zaidi kwa upande mwingine: mashahidi wawili wanatosha, na hawahitaji kuwa wa ukoo, lakini zawadi yoyote aliyopewa shahidi, au mume au mke wa shahidi, ni batili ingawa wosia wenyewe unabaki halali; na ndoa ya mwenye wosia, ikifungwa baada ya wosia kuandikwa, huufuta wosia wote. Sheria ya Kiislamu inaruhusu kuusia theluthi moja tu ya mali, na isiende kwa mrithi ila kwa ridhaa ya warithi wengine.

Pale mahitaji hayo yanapokutana ndipo mtego ulipo. Kanuni za kimila zinataka mke au wake waliopo nyumbani wakati wosia unapotolewa waushuhudie pamoja na mashahidi wengine, ili baadaye wasiseme kwamba waliandikiwa mambo kwa siri. Mkristo wa Makambako anayemwachia mkewe nyumba na kumwomba atie sahihi kama shahidi, akidhani anaimarisha wosia, anaweza kuwa ameibatilisha zawadi hiyohiyo iwapo mahakama itaamua baadaye kwamba Sheria ya India ndiyo inayomhusu. Na asipomwomba, upande wa ukoo unaweza kuupinga wosia kwa kanuni za mila. Njia salama ni mwenye wosia kuandika kwanza, katika aya ya mwanzo, ni sheria gani anataka iongoze mirathi yake na kwa nini, akitaja ndoa yake, imani yake na jinsi anavyoishi, kwa kuwa maneno hayo ndiyo yatakayopimwa na kipimo cha nia. Kisha achague mashahidi wanne, wawili ndugu na wawili watu baki, ambao hakuna hata mmoja wao, wala mwenzi wake, anayepewa kitu. Aya hiyo moja huokoa miaka ya mabishano, na bado katika wosia unaoandikwa nyumbani kwenye daftari la shule ndiyo inayokosekana zaidi.

Kumnyima mrithi wa kimila fungu lake kunahitaji maneno ya wazi na sababu iliyotajwa, kama vile kuzini na mke wa mwenye wosia, kumshambulia na kumjeruhi vibaya, au kumtelekeza bila sababu wakati wa ugonjwa au njaa. Wosia unaokaa kimya juu ya mtoto mmoja, bila kusema kwa nini ameachwa, huwa mlango wa pingamizi. Kuhifadhi nako kuna umuhimu wake: Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, unapokea na kutunza wosia, na nakala iliyo huko au kwa wakili haiwezi kuchomwa na yule aliyeikuta kabatini baada ya mazishi.

Msimamizi akishateuliwa, na barua ya usimamizi ikitolewa, hatari huhama kutoka kwenye sheria kwenda shambani. Barua ile haimfanyi mmiliki. Inampa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa, na katika Mahakama ya Mwanzo kanuni za 1971 zinamtaka awasilishe ndani ya miezi minne, kwa Fomu Namba V, orodha kamili ya mali na madeni, kisha hesabu za mapato na matumizi kwa Fomu Namba VI kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Katika mahakama za juu orodha hudaiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Fomu hizo ndizo ulinzi wa warithi dhaifu, lakini kwa mali ya miti hujazwa vibaya: msimamizi huandika "shamba moja la miti" na kuacha hapo. Orodha inayofaa inataja ukubwa kwa ekari, aina ya mti, mwaka wa kupandwa, nafasi kati ya mti na mti, na mipaka, kwa sababu shamba la misindano la miaka saba na la miaka kumi na nane ni mali mbili tofauti kabisa, na kuuza misindano ikiwa bado miembamba kwa dalali anayelipa taslimu ni kupoteza sehemu kubwa ya thamani ambayo ingeongezeka kwa kusubiri tu. Pale mjane na watoto wadogo wanapokuwa miongoni mwa warithi, kuuza mapema kwa kisingizio cha kulipa ada au gharama za matanga ndiko kunakowaumiza zaidi, kwani Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake.

Mrithi anayeshuku anaweza kuiomba mahakama imwite msimamizi aonyeshe hesabu, na shamba lenyewe hutoa ushahidi ambao fomu inaweza kuuficha. Miti iliyopandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa mita tatu huwa takriban 450 kwa ekari. Hata kama michache imepunguzwa kwa sababu za kiufundi au imekufa, idadi ya visiki vilivyobaki baada ya mbao kupakiwa haiwezi kuwa mbali sana na hesabu hiyo. Visiki hivyo, vikihesabiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji na warithi wa pande zote na idadi yake kuandikwa kwenye muhtasari wenye sahihi, humlazimisha msimamizi aeleze kila mti uliouzwa na fedha zake zilikokwenda. Na akishindwa kueleza, mahakama ina uwezo wa kumwondoa, kumteua mwingine, na kumtaka afidie upungufu kutoka mfukoni mwake kabla ya mafungu ya mjane, wana na mabinti kupigwa hesabu upya.